Jina la aliyekuelekeza litangulie

"Mhadhiri wangu kanipa anwani ya msanifu majengo nimwombe nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Hanijui. Nianzeje?"

Mdogo wangu, jina la mhadhiri liweke kwenye kichwa cha barua pepe, maana ndicho msanifu anachokiona kwenye simu kabla hajafungua: "Nimeelekezwa kwako na Dkt. Fulani". Kisha sentensi ya kwanza ieleze mnajuanaje: "Dkt. Fulani, aliyesimamia mradi wangu wa mwaka wa 3, amenishauri nikuandikie kuhusu mafunzo." Shikamoo na habari za kazi zifupishwe.

Ila mwombe mhadhiri ruhusa kwanza, kwani msanifu huenda akampigia. Mimi sikuomba, mhadhiri wangu alipoulizwa akasema hanikumbuki, na barua yangu haikujibiwa. Tena usiandike "amenipendekeza" kama alikupa anwani tu.