Kanga mpya ifue kwanza, na chumvi iache jikoni

Nguo ya mtumba hatuivai bila kuifua, lakini kanga mpya tunaitoa dukani, tunaikata doti, tunaipinda na kuifunga siku hiyo hiyo. Tunaiona safi kwa kuwa hakuna aliyeivaa kabla yetu. Mimi pia nilikuwa hivyo, isipokuwa kwa kanga za rangi kali, ambazo shangazi alinifundisha kuziloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi "ili rangi ikamate".

Mwaka mmoja nililoweka doti nyekundu yenye mji mweupe na maua meusi. Asubuhi maji yalikuwa na wekundu kidogo tu, nikafurahi. Nikasuuza mara moja, nikaanika. Wiki iliyofuata nikajifunga kwenda maulidini, ndani nimevaa gauni jeupe. Joto la Tanga mnalijua. Niliporudi nyumbani, gauni lilikuwa na mkanda wa pinki kiunoni, na tumboni ngozi yangu ilikuwa nyekundu kama nimepakwa wanja wa rangi ile. Rangi haikuwa imekamata chochote.

Kilichotokea ni hiki. Moja ya rangi zinazotumika sana kuchapa pamba ni zile zinazoungana na uzi wenyewe kwa kemia. Sehemu iliyoungana haitoki kwa kufua kwa kawaida. Lakini wakati wa kuchapa, sehemu nyingine ya rangi hiyo huungana na maji badala ya uzi, na ikishafanya hivyo haiwezi tena kushika. Inabaki imelala tu juu ya nyuzi. Kiwanda kinatakiwa kuiondoa kwa kuosha kitambaa mara kadhaa, mwishoni kwa maji yanayokaribia kuchemka na sabuni. Maji na kuni za kuyachemshia ni gharama, kwa hiyo anayebana matumizi hubana hapo, na kazi iliyobaki tunaimalizia sisi kwenye beseni.

Sasa chumvi inafanya nini? Wapaka rangi huitia kwenye pipa kwa sababu huisukuma rangi iondoke majini iende kwenye kitambaa. Ukiloweka kanga kwenye maji ya chumvi unafanya jambo lile lile: rangi iliyolegea inakataa kutoka. Maji yanabaki meupe, nawe unadhani imeshika, kumbe inangoja jasho au mvua. Siki nayo ina kazi yake kwenye rangi za sufu na hariri, lakini kwa pamba haisaidii. Shangazi hakukosea alichokiona, maana maji yake kweli hayakuchuja. Tunachotaka sisi ni kinyume, rangi yote isiyoshika itoke sasa hivi, ndani ya beseni.

Mdogo wangu alipojifungua nilimnunulia doti nyingine ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, nikaifua hivi. Nilikata vipande viwili, nikafua kimoja kimoja. Beseni la kwanza lilikuwa maji baridi, lita 10 hivi, bila sabuni. Nilikisukasuka dakika tano bila kukiacha kitulie. Maji yakawa kama juisi ya rozela, na mkononi yakateleza kidogo. Ule utelezi ni wanga, ambao kiwanda hupaka ili kanga ikae ngumu na nzito dukani. Beseni la pili, maji baridi tena. Ni muhimu kuanza na baridi, kwa sababu hayo ndiyo huondoa chumvi na magadi yaliyobaki kutoka kiwandani, na vitu hivyo vikishaondoka rangi hulegea kirahisi.

La tatu ndilo lenye kazi: maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, na sabuni ya unga kiasi cha vijiko viwili. Hapo wekundu ulitoka upya, mwingi kuliko beseni la pili. Dada yangu akashtuka, akasema kanga inaharibika. Haikuwa inaharibika. La nne nikarudia maji ya moto bila sabuni, yakawa ya pinki hafifu. La tano nikachota maji kwa kikombe cheupe, nikayatazama mlangoni kwenye mwanga, yakawa karibu na ya bombani. Nikaishia hapo.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuiloweka kanga ikatulia, kwa maana wekundu uliotoka kwenye pindo hupata muda wa kukaa kwenye mji mweupe. La pili ni kuikamua na kuiacha imekunjwa ikiwa mbichi. Ianike papo hapo, imetandazwa, kivulini.

Ikikauka, chukua leso nyeupe, ilowanishe, isugue kwenye sehemu nyekundu mara kumi. Leso ikibaki nyeupe, mfunge mtoto. Ikishika rangi, rudia maji ya moto. Ikiwa umefua mara tatu na bado inashika vile vile, usihangaike. Huenda ni rangi iliyogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi, nayo hutoka kwa msuguano kila siku. Nguo ya jinzi ya buluu iko hivyo pia, maana rangi yake imekaa nje ya uzi. Nguo kama hizo usizikutanishe na nyeupe wala na mtoto.

Baada ya kufua utaona pia kanga uliyoinunua ni ipi. Yangu ile, wanga ulipotoka, ikawa laini na ikaanza kunywa maji, jambo ambalo nguo ya mtoto inalihitaji. Pia ilirudi: urefu ulipungua karibu sentimeta tano. Kwa hiyo kitenge cha kushona gauni kifue kabla hujampelekea fundi.

Kuna nguo moja ambayo nina wasiwasi nayo kuliko kanga, nayo ni shati au suruali ya pamba inayouzwa kwa sifa ya kutojikunja, pamoja na mashuka ya aina hiyo. Kutojikunja huko kwa kawaida huletwa na utomvu uliotengenezwa kwa fomaldehaidi, gesi ile ile iliyo kwenye fomalini ya mochwari. Ndiyo maana baadhi zikitoka kwenye mfuko huwa na harufu kali inayochoma pua. Mwaka 2010 wakaguzi wa serikali ya Marekani walipima nguo na mashuka 180, na 10 zikazidi kipimo cha sehemu 75 kwa milioni, nyingi zikiwa za kutojikunja.

Fomaldehaidi iliyolegea huyeyuka majini, na kufua mara moja au mbili huitoa sehemu kubwa. Iliyofungwa ndani ya utomvu haitoki, huachia kidogo kidogo kwa joto na jasho. Vivyo hivyo, baadhi ya rangi za buluu iliyoiva na nyeusi kwenye poliesta huwasha watu wachache wenye mzio, nazo hazipendi maji, kwa hiyo beseni halizifikishi mbali.

Nguo zenye shida hiyo utazijua kwa mahali mwasho unapokaa: pembeni mwa kwapa, shingoni kwenye kola, ndani ya mapaja, pale nguo inapobana na jasho lipo. Mwanangu alitoka vipele vya namna hiyo kwa suruali mpya ya shule. Niliifua mara tatu, akaivaa, vikarudi siku ya pili pale pale. Nikamshonea nyingine ya pamba tupu, nikaifua kabla hajaivaa, na vipele vikaisha ndani ya wiki mbili.