Kutoka Nairobi hadi pwani: maswali yenu kuhusu bunduki, hewa na mwinuko

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo wote walioniandikia wanasawazisha bunduki zao hapa Nairobi na kwenda kuwinda kwa leseni katika vitalu vya Tanzania. Hesabu zote nilizotoa ni za risasi moja tu, 30-06 yenye kichwa cha greni 180 kinachotoka mtutuni kwa mita 823 kwa sekunde, na darubini iliyokaa sentimita 4 juu ya mtutu. Mwenye risasi nyingine atapata tarakimu tofauti kidogo, ila mwelekeo utakuwa uleule.

Mwalimu, bunduki yangu ya 30-06 inapiga katikati kwa mita 100 hapa Nairobi. Mwezi wa tisa naenda kitalu kilicho karibu na pwani. Risasi itashuka zaidi kwa kiasi gani?

Itashuka zaidi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko unavyoogopa. Hapa Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mgandamizo halisi wa hewa ni kama hektopaskali 830, na siku ya nyuzi 20 mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito unaokaribia kilo moja kamili. Ukiteremka pwani mgandamizo unapanda hadi 1,012 hivi, na hata kama joto limefika nyuzi 30, mita hiyohiyo ya ujazo ina kilo 1.16. Kichwa cha risasi kinapasua hewa nzito zaidi kwa takriban asilimia 17, kinapoteza kasi mapema zaidi, kinachelewa kufika, na muda huo wa ziada ndio unaoipa nguvu ya uvutano nafasi ya kukivuta chini.

Tuipime sasa kwa bunduki yako, bila kugusa darubini. Kwa mita 200 risasi iliyokuwa ikipiga sentimita 12.3 chini ya alama hapa Nairobi itapiga 12.8 kule pwani, tofauti ambayo hutaiona hata kwenye karatasi. Kwa mita 300 itatoka sentimita 43 kwenda 45. Kwa mita 400 itatoka 95 na kukaribia 100. Darubini nyingi za uwindaji husogeza alama robo ya dakika ya pembe kwa kila klik, yaani karibu sentimita 2.2 kwa mita 300, maana yake mabadiliko ya hewa kutoka Nairobi hadi baharini hayafiki klik moja katika umbali huo. Kwa mwindaji anayengoja kongoni asogee hadi mita 150, na huyo ndiye mwindaji ninayemheshimu, jambo hili halina athari yoyote. Linaanza kuwa na uzito baada ya mita 400, na kwa mita 500 tofauti inafika karibu sentimita 10, umbali ambao mimi binafsi nisingempigia mnyama aliye hai.

Ukitaka kanuni ya kubeba kichwani, kila mita 100 unazoteremka huongeza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 1, na kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka huupunguza kwa asilimia 1 hiyohiyo. Ndiyo maana joto la pwani hurudisha sehemu ndogo tu ya kile ambacho mteremko umekuongezea.

Swahiba yangu alifika kule akajaribu bunduki kwa mita 100, ikapiga sentimita 10 chini. Mwongozaji alimwambia ni hewa nzito ya bahari. Ni kweli?

Si kweli. Kwa mita 100 kichwa cha risasi kiko hewani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na tofauti yote kati ya hewa ya Nairobi na ya pwani haifiki milimita 1. Ukijumlisha na mabadiliko ya kasi yanayoletwa na baruti kupata joto, ambayo nitayaeleza hapa chini, bado unazungumzia milimita chache. Sentimita 10 zimetoka kwenye chuma au kwenye mti wa bunduki.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nami nimewahi kudanganywa na hewa. Miaka kadhaa iliyopita bunduki yangu ilipiga sentimita 8 chini na kulia baada ya safari ndefu ya barabara ya vumbi, nami nikakaa jioni nzima na daftari nikihesabu mwinuko na joto. Asubuhi nikaishika darubini kwa mkono, nikaisukuma, nikaona alama ya mafuta iliyokuwa chini ya pete imejitokeza nje upana wa ukucha. Skrubu mbili za kishikizo zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, na darubini ilikuwa ikitelezea mbele kila bunduki inaporudi nyuma.

Kwa hiyo ukifika kitaluni, piga risasi tatu kwenye karatasi kwa mita 100 kabla ya jambo lingine lolote. Zikipiga pamoja mahali palepale pa Nairobi, bunduki ni nzima na unaweza kuanza kufikiria hewa. Zikipiga pamoja lakini mahali pengine, huenda darubini imegongwa ikahama, au kitako cha mti kimevimba kwa unyevu na kuanza kuusukuma mtutu. Zikitawanyika ovyo, kagua skrubu kwanza. Katika hali hizi mbili usiitafute sababu kwenye barometa.

Programu ya kukokotoa niliyonayo kwenye simu inanipa majibu yaleyale nikiwa Nairobi na nikiwa pwani, ingawa ninaiingizia mgandamizo wa siku ile. Nairobi naandika 1,019, pwani 1,012. Kosa liko wapi?

Kosa liko kwenye hiyo 1,019. Watabiri wa hali ya hewa hawatangazi mgandamizo unaokugusa usoni. Huusahihisha kwanza kana kwamba kituo chao kiko usawa wa bahari, ili waweze kulinganisha miji ya bara na ya pwani kwenye ramani moja. Kwa rubani na mtabiri hilo linafaa sana, lakini kichwa cha risasi hakijui habari ya masahihisho hayo, kinakutana na hewa ya hektopaskali 830 iliyopo pale ulipo.

Una njia mbili, na usizichanganye. Ama uandike mwinuko wa mahali pamoja na mgandamizo uliosahihishwa, ukiiachia programu ifanye hesabu ya kuushusha, ama uandike mgandamizo halisi kutoka kwa kipimo cha mkononi ukichagua sehemu ambayo programu nyingi huiita Station Pressure, na hapo mwinuko hauhitajiki tena. Wewe uliandika mgandamizo uliosahihishwa mahali panapotaka ule halisi, ndiyo maana programu ikaamini kuwa Nairobi iko ufukweni. Kuna wanaokosea kinyume chake: wanaandika 830 ya kweli, kisha wanaongeza mwinuko wa mita 1,700, na programu inawapa hewa ya mlimani ambako hawajawahi kufika.

Namna ya kugundua ni rahisi. Nambari yoyote ya mgandamizo inayozidi 1,000 ukiwa Nairobi si ya hewa iliyokuzunguka. Na katika nchi zetu za ikweta mgandamizo halisi wa mahali pamoja hubadilika kwa hektopaskali chache tu kutoka siku moja hadi nyingine, kwa hiyo ukishapata ule wa kambi yako, hutahitaji kuuangalia kila saa.

Nilisawazisha alfajiri ya baridi, nyuzi 12, na kule nitapiga mchana wa nyuzi 32. Si joto litaipa risasi kasi zaidi?

Litaipa, na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolihesabu. Baruti yenye joto huungua kwa kasi zaidi. Kiasi kinategemea aina yake: baruti zilizotengenezwa zisijali joto hubadilika kidogo mno, na zile za zamani zinaweza kuongeza karibu mita 1 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Tuchukue ya katikati, mita 0.6. Nyuzi zako 20 za ziada zinakuwa mita 12 kwa sekunde, na kwa mita 300 kasi hiyo inainua risasi takriban sentimita 2. Hewa nzito ya pwani ilikuwa imeishusha kwa chini ya sentimita 2. Mabadiliko mawili uliyoyaogopa yanakaribia kufutana yenyewe.

Usiufanye mwafaka huo kuwa kanuni, kwa maana unategemea baruti yako, na joto linalohusika ni la risasi yenyewe, wala si la hewa. Sanduku lililoachwa kwenye dashibodi juani linaweza kupata joto linalozidi la nje kwa nyuzi nyingi, na hapo suala si mahali zitakapopiga tena, ni usalama wako. Risasi iliyojazwa karibu na kikomo chake kwenye ubaridi wa Limuru inaweza kuvuka kikomo hicho ikishapikwa na jua. Dalili zake ni bolti kuwa ngumu kuinuliwa baada ya kupiga, fataki kubapa hadi kingo zake zikapotea, na alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda. Ukiona mojawapo, acha kupiga, ziache risasi zipoe kivulini, na kama ulizijaza mwenyewe, usizitumie tena.

Na unyevu wa pwani, hauifanyi hewa kuwa nzito zaidi?

Unaifanya kuwa nyepesi. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu unayoisukuma pembeni, na katika fukuto la pwani tofauti ni kama asilimia 1. Uuache kwenye hesabu, uulinde mti wa bunduki dhidi yake.

Kama hewa yenyewe si tatizo kubwa, nihofie nini kule?

Hofia kusi, ambao mwezi wa tisa bado unavuma kutoka kusini-mashariki. Hewa nzito huubebesha upepo nguvu zaidi juu ya kichwa cha risasi. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ule wa kutikisa matawi madogo mfululizo, ukivuma ubavuni utaisogeza risasi yako sentimita 18 kwa mita 300 hapa Nairobi, na karibu 22 kule pwani. Hizo sentimita 4 zilizoongezeka ni mara mbili ya kile ambacho hewa imekiongeza kwenye kushuka. Kwa mita 200 ni sentimita 8 dhidi ya 9 na kidogo.

Kosa la kawaida la mwindaji wa nyanda za juu ni kufika na makadirio ya upepo aliyojifunza nyumbani, akayatumia vilevile. Kwa risasi hii ongeza sehemu moja ya tano juu ya kile unachokipa upepo hapa Nairobi, ukitazama majani yaliyo katikati ya njia na yale yaliyo karibu na mnyama, kwani kichakani upepo unaokugusa shavuni mara nyingi si ule unaovuma pale alipo pongo.