Mtoto alimwona mama, au mama alimwona mtoto? Maswali yenu kuhusu nafasi za maneno ndani ya transfoma

Mwalimu, naambiwa atensheni, ile sehemu ya transfoma inayolinganisha maneno, haijui neno lipi limetangulia. Mbona sentensi naiingiza ikiwa imepangwa vizuri?

Ni kweli inaingia imepangwa, na kwenye kumbukumbu ya kompyuta inakaa hivyohivyo, safu chini ya safu. Shida ni kwamba hesabu ya atensheni haina mahali popote inaposoma namba ya safu. Kila neno linalinganishwa na kila neno, ulinganisho unatoa alama, alama zinageuzwa kuwa uzani ambao jumla yake ni 1, kisha vekta zinajumlishwa kwa kufuata uzani huo. Na kujumlisha hakuulizi nani katangulia.

Tufanye kwa mkono. Chukua sentensi "mtoto alimwona mama" na uyape maneno vekta ndogo za namba mbilimbili: mtoto ni (1, 0), alimwona ni (1, 1), mama ni (0, 2). Ili hesabu iwe nyepesi, tuache matriksi zote za katikati. Kulinganisha ni kuzidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, na kujumlisha. Neno "alimwona" linapojilinganisha na wenzake linapata alama 1 kwa mtoto, 2 kwa lenyewe na 2 kwa mama. Zikigeuzwa kuwa uzani kwa softmax, yaani e inapandishwa kwa kila alama kisha kila jibu linagawanywa kwa jumla yao, zinakuwa takriban 0.16, 0.42 na 0.42. Ukizidisha vekta kwa uzani huo na kujumlisha, "alimwona" linatoka na (0.58, 1.27).

Sasa geuza: "mama alimwona mtoto". Alama ni zilezile, uzani ni uleule, na jibu ni (0.58, 1.27). Aliyeona na aliyeonwa wamebadilishana, lakini kitenzi hakikusikia chochote. Hata matriksi za kweli ukizirudisha hali haibadiliki, kwa sababu kila neno linazidishwa na matriksi zilezile popote lilipokaa. Ukivuruga maneno, majibu yanavurugika kwa namna ileile, kila jibu likifuata neno lake.

Usiniamini kwa maneno matupu. Jaribu hii:

```python
import torch
a = torch.nn.MultiheadAttention(16, 2, batch_first=True).eval()
x = torch.randn(1, 5, 16)
p = torch.tensor([3, 0, 4, 1, 2])
y = a(x, x, x)[0]
z = a(x[:, p], x[:, p], x[:, p])[0]
print(torch.allclose(y[:, p], z, atol=1e-5))
```

Itachapisha `True`.

Sisi tunaoandika Kiswahili tunaweza kulisahau tatizo hili, maana mara nyingi viambishi vinatuokoa. "Kitabu kilimwangukia mtoto" ukiivuruga bado unajua kilichoanguka ni kitabu, kwa sababu ya ile "ki" kwenye kitenzi. Lakini mtoto na mama wote ni wa ngeli moja, na "alimwona" linamfaa yeyote kati yao. Hapo mpangilio ndio pekee unaosema nani alimwona nani.

Basi si niongeze tu 1, 2, 3 kwenye vekta za maneno?

Utaipa modeli kazi ngumu bila sababu. Namba ndani ya vekta ya neno kwa kawaida ni ndogo. Neno la 300 likiongezewa 300, maana ya neno inazama na kinachobaki kuonekana ni namba ya foleni. Wengine wanajaribu kugawa kwa urefu wa sentensi ili nafasi zote ziangukie kati ya 0 na 1. Hapo unapata tatizo jingine: kwenye sentensi ya maneno 5, hatua kutoka neno hadi jirani yake ni 0.25, na kwenye matini ya maneno 101 hatua hiyohiyo ni 0.01. Modeli haiwezi kujifunza "neno lililo kabla yangu" ikiwa umbali huo unabadilika kila siku.

Njia iliyokuja na transfoma ya kwanza mwaka 2017 inatumia saa nyingi badala ya namba moja. Kila saa ni jozi ya sini na kosini, na kila jozi inazunguka kwa kasi yake:

```
PE(pos, 2i)   = sin(pos / 10000^(2i/d))
PE(pos, 2i+1) = cos(pos / 10000^(2i/d))
```

Hapa `pos` ni nafasi ya neno, `i` ni namba ya jozi, na `d` ni idadi ya namba ndani ya vekta. Ikiwa `d` ni 512, kama ilivyokuwa kwenye modeli ya msingi ya transfoma hiyo ya kwanza, una jozi 256. Ya kasi zaidi inamaliza mzunguko kwa maneno sita na kitu. Ya polepole zaidi inahitaji maneno zaidi ya 60,000. Ndivyo mshale wa sekunde unavyokueleza mambo ya karibu na mshale wa saa ya mbali, na hakuna namba inayotoka nje ya -1 na 1.

Uzuri wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye ulinganisho. Chukua jozi ya kwanza. Zidisha nafasi ya 1 na ya 2, sini kwa sini na kosini kwa kosini, kisha jumlisha: unapata 0.54. Fanya hivyo kwa nafasi ya 41 na ya 42: unapata 0.54 tena. Jibu linategemea pengo kati ya maneno, halitegemei mahali pengo lilipo. Na ulinganisho wa namna hiyo ndio kazi ambayo atensheni tayari inaifanya.

Turudi kwa mtoto na mama. Ongeza jozi hiyo moja kwenye vekta zetu, tukihesabu nafasi kuanzia 0. Katika "mtoto alimwona mama", sasa "alimwona" linatoa alama 3.38 kwa mtoto na 4.11 kwa mama. Katika "mama alimwona mtoto" alama ni 2.87 kwa mtoto na 4.62 kwa mama. Sentensi mbili, alama tofauti. Tofauti hiyo peke yake haimwambii mtu nani ni mtenda, hilo modeli italijifunza kwenye mafunzo, lakini sasa kuna kitu cha kujifunzia.

Ukiongeza nafasi juu ya neno, huharibu maana ya neno?

Ukiongeza baada ya modeli kufunzwa, ndiyo. Ikifunzwa nazo tangu mwanzo inajifunza kuvitenganisha, na vekta yenye namba mamia ina nafasi ya kutosha kwa vyote viwili. Hata hivyo wasiwasi wako una msingi. RoPE, iliyotoka mwaka 2021 na inayotumiwa na modeli za Llama, haiongezi chochote kwenye neno. Inazungusha vekta zile mbili zinazolinganishwa, kila moja kwa pembe ya nafasi yake, na kuiacha vekta inayobeba maana kama ilivyo. Pembe zikikutana kwenye ulinganisho, linalobaki ni pengo.

Modeli yangu ina jedwali la nafasi 512. Nimeifunza kwa matini fupi, hazizidi tokeni 128, yaani maneno au vipande vya maneno. Nikiipa tokeni 300 haitoi kosa lolote, lakini inaandika upuuzi. Kwa nini?

Kwa sababu safu za 129 hadi 512 za jedwali lako hazijawahi kuguswa na mafunzo. Katika jedwali la nafasi zinazofunzwa, la aina iliyotumika kwenye BERT (safu 512) na GPT-2 (safu 1024), kila nafasi ina vekta yake, na vekta hiyo inarekebishwa pale tu matini inapofika kwenye nafasi hiyo. Zako zimebaki na namba za bahati nasibu ulizoanzia. Tokeni ya 200 inaongezewa kelele, na kelele hiyo inasambaa kwa kila tokeni inayoitazama. Kosa ungeliona kama ungepita 512, kwa kuwa hapo safu haipo kabisa.

Kabla ya kubadilisha kitu, hakikisha. Pima hasara ya modeli, yaani ukubwa wa makosa ya utabiri wake, kwa kila nafasi peke yake, usichukue wastani wa matini nzima. Kwa kawaida hasara hushuka kidogokidogo kadiri tokeni inavyokuwa na muktadha mrefu nyuma yake. Ikiruka ghafla mara tu baada ya 128, chanzo ni nafasi. Ikipanda taratibu bila kuruka, tafuta kwingine.

Dawa ya uhakika kwa jedwali ni kuendelea kufunza kwa matini ndefu. Usidhani kwamba sini na kosini zingekuepusha. Fomula inatoa jibu kwa nafasi yoyote, ndiyo, lakini zile saa za polepole zinafika kwenye pembe ambazo modeli haikuziona kamwe kwenye mafunzo, na modeli nyingi zinaharibika palepale. Kwa modeli za RoPE, mwaka 2023 ilionyeshwa njia ya kubana nafasi: nafasi za matini ndefu unazizidisha kwa sehemu ndogo, kwa mfano 128/300, ili zote ziangukie ndani ya eneo linalojulikana, kisha unaifunza modeli tena kwa muda mfupi izoee hatua zilizofupishwa.

Nilisahau kabisa kuweka nafasi kwenye modeli yangu ya kutabiri neno linalofuata, na bado inaandika sentensi zinazoeleweka. Je, uliyoyasema ni uongo?

Hapana, na swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Niliyoyasema yanahusu atensheni ambamo kila neno linaona yote. Modeli yako ina kizuizi: kila neno linaona yaliyotangulia tu. Kizuizi hicho kimeingiza mpangilio kwa mlango wa nyuma.

Tuseme matini inaanza na tokeni maalumu ya mwanzo, na kila neno linagawa uzani sawasawa kwa yote linayoyaona. Tokeni ya mwanzo itapata uzani 1 kutoka kwa yenyewe, 1/2 kutoka kwa ya pili, 1/3 kutoka kwa ya tatu. Kiasi cha "mwanzo" kilichomo ndani ya kila jibu ni namba ya nafasi, iliyoandikwa kama sehemu. Tabaka la pili linaweza kuisoma.

Nimesema la pili makusudi. Kwa tabaka moja tu, neno la mwisho bado linaona mfuko wa maneno: vuruga yaliyotangulia upendavyo, jibu la neno hilo la mwisho halibadiliki. Funza modeli mbili bila nafasi, moja ya tabaka moja na nyingine ya matabaka mawili, uzipe "mtoto alimwona mama jana" na "mama alimwona mtoto jana", na ulinganishe utabiri baada ya "jana". Ya kwanza itatoa jibu lilelile kwa zote mbili.

Na saa hiyo ya mlango wa nyuma inafifia haraka. Kati ya nafasi ya 10 na ya 11 tofauti ni 0.100 kwa 0.091, inaonekana. Kati ya 500 na 501 ni 0.002000 kwa 0.001996. Kwa sentensi zako fupi inatosha. Ukianza kuipa kurasa nzima, weka RoPE.