Usimlaze mapema ghafla usiku wa kuamkia mtihani

Swali la wiki: "Binti yangu atafanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Kadiri siku zinavyosogea anakonda, tumbo linamuuma, na usiku anajigeuzageuza hadi saa 6. Wazazi wenzangu, mnawasaidiaje watoto wa namna hii?" (Mama wa Ipuli, Tabora)

Dada yangu wa Ipuli, pole sana. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi hapa Kigoma, na kila mwezi wa nane hili ndilo ninalozungumza na wazazi kwenye kikao. Huwa naanza na jambo ambalo wengi wanalifanya kwa mapenzi, kumbe linamzidishia mtoto hofu: kumlaza mapema ghafla mtihani ukiwa umebaki siku moja au mbili.

Mtoto aliyezoea kulala saa 5 usiku, ukimpeleka kitandani saa 2, usingizi hauji. Unaletwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu unaojikusanya tangu alipoamka. La pili ni saa ya ndani ya mwili, inayofuata mwanga, giza na mazoea ya kila siku, na hiyo haisogei kwa amri ya mzazi. Tena ile saa moja au mbili kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala ndipo mwili unapokuwa macho zaidi. Basi analala chali gizani, anawasikia mkiongea sebuleni, anawaza mtihani. Siku zikirudiana hivyo, akiona kitanda tu mawazo yanaanza.

Sisi wa magharibi tuna la ziada. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halitufikii pamoja. Mwezi wa tisa hapa Kigoma linachomoza saa 1 kasoro asubuhi na kuzama saa 1 jioni, kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Nyie Tabora mko nyuma karibu nusu saa. Mtihani wa Taifa unaanza saa ileile kwa wote. Kwa hiyo mtoto wa huku anayeamshwa saa 10 alfajiri akasome, mwili wake bado uko usiku mkubwa, na jioni usingizi unachelewa kuja kwa sababu mwanga nao umechelewa kuondoka.

Nikueleze ya binti mmoja wa miaka 13. Alikuwa analala saa 5 usiku na kuamshwa saa 10:30 alfajiri, yaani saa tano na nusu tu, wakati umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. (Wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji 9 hadi 12.) Alikuwa analalamika tumbo kila asubuhi, na hesabu alizoziweza wiki iliyopita zilikuwa zinampotea. Ubongo hupanga na kuhifadhi ya mchana mtu akiwa usingizini, kwa hiyo kusoma alfajiri kulikuwa kunakula muda wa kuyatunza yale aliyosoma jana.

Zilikuwa zimebaki wiki 3. Tulikubaliana na wazazi wake waanze na saa ya kuamka, siyo ya kulala, kwa sababu kuamka mzazi anaweza kuamrisha. Ikawa saa 11:45 alfajiri kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Jua likitoka awe nje akifagia uwanja au njiani kwenda shule, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoivuta saa ya mwili iwahi. Kulala kulisogezwa kwa robo saa, kila baada ya siku 3: kutoka saa 5 hadi saa 4:45, kisha 4:30, na kuendelea, mpaka siku ya 21 akawa analala saa 3:15. Hapo alipata saa nane na nusu bila kulazimishwa. Siku za mwanzo alisinzia mchana, na mama yake akataka kumwacha alale jioni. Tulimkatalia, kwa sababu usingizi wa jioni unapunguza ule uchovu unaohitajika usiku.

Kusoma kulihamia jioni, mezani, siyo kitandani. Chakula saa 1:30, iwe ugali na migebuka au chochote kilichopo, na chai ya rangi ikakoma saa 10 alasiri, maana kichangamsho kilichomo kwenye majani ya chai kinakaa mwilini kwa saa nyingi. Saa 2:15 vitabu vinafungwa. Televisheni na simu vinazimwa, taa ya chumbani inabaki hafifu, anaoga, anapanga begi na sare, basi. Mpangilio uleule kila usiku, hata akiwa hajamaliza mada.

Kabla ya chakula alikuwa anakaa na daftari dogo dakika 10. Upande mmoja anaandika linalomsumbua, upande wa pili atakachofanya kesho. Siku moja aliandika "eneo la duara", na mbele yake "nimuulize mwalimu saa ya mapumziko." Chini yake akaandika "nikifeli baba atasema nini," na mbele akaacha wazi. Mama alimwonyesha baba. Yule baba alikaa naye barazani akamwambia watakachofanya akifaulu na watakachofanya asipofaulu, moja baada ya jingine. Naamini mazungumzo yale yalimsaidia kuliko dua zote za "usituangushe" anazopigiwa na ndugu. Na ndugu hao waombeni wapige mchana, siyo usiku wa mwisho. Kama kuna maombi ya pamoja, yafanyike alasiri badala ya mkesha.

Akikaa kitandani kama dakika 20 hajalala, asibanwe humo. Aamke, akae mahali penye mwanga kidogo, apumue ndani kwa kuhesabu 4 na nje kwa kuhesabu 6, arudi akisikia usingizi. Kupumua huko akuzoee nyumbani wiki hizo zote. Akikujaribu kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani hakutamsaidia sana. Na umwambie ukweli huu: usiku mmoja mbaya hauharibu mtihani. Kuogopa kukosa usingizi ndiko kunakoukimbiza.

Msimpe piritoni wala dawa ya mafua ili alale. Atalala, lakini atakwenda kwenye mtihani akiwa mzito kichwani.

Tumbo na kichwa vya hofu mara nyingi huzidi asubuhi za shule na kupungua siku za mapumziko. Mwili ukichemka, akitapika, au maumivu yakiendelea siku zote, mpelekeni kituo cha afya apimwe malaria kwanza, kwa mikoa yetu hii msibahatishe. Na huyu anayekonda, dada, apimwe uzito na kuonwa na mganga hata kama hana homa. Akisema hataki kuishi, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Hilo halisubiri ratiba ya usingizi.

Binti yule siku ya mtihani tumbo lilimuuma bado, ila alikuwa amelala na alikunywa uji wote.

Angalia sana jioni ya siku ya kwanza, maana mtihani ni siku 2. Akirudi, msifungue vitabu kutafuta alikokosea katika karatasi aliyokwisha kuikabidhi. Akigundua swali moja alikosea, usiku huo halali, na kesho ana masomo mengine yanayomsubiri. Mpeni chakula, aongee akitaka mwenyewe, na saa 2:15 begi lipangwe kama kawaida.