Koma ya Nairobi, koma ya Goma

Mwalimu, mnunuzi wa Nairobi aliniandikia anataka kahawa « 12,500 kg » kwa dola « 4.20 » kwa kilo. Excel ilikataa kuzidisha, nikarekebisha bei, sasa inaniambia jumla ni dola 52,5. Nimekosea wapi? (Muuza kahawa, Birere)

Bei uliyorekebisha haikuwa shida kubwa. Shida iko kwenye uzito, nao haukulalamika hata kidogo.

Nairobi, Kampala na Dar wanahesabu Kiingereza: koma inatenga maelfu, nukta inaanza desimali. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, koma ndiyo desimali. Kwa hiyo Excel yako ya Kifaransa ilipokutana na 4.20 haikuona namba. Iliiacha kama maneno, na hesabu ikajibu #VALEUR!. Hilo ni kosa linalopiga kelele. Lakini 12,500 ni namba halali kabisa kwako: kilo kumi na mbili na nusu. Ikaandika 12,5 kimya kimya. Ukibadilisha 4.20 kuwa 4,20, unapata 12,5 × 4,20, yaani 52,5. Mzigo wenyewe ni kilo 12 500, na jumla yake ni dola 52 500.

Tazama upande ambao namba imeegemea kwenye kisanduku, kama hujagusa mpangilio wake. Iliyoegemea kushoto ni maneno, na SOMME itaipita kama haipo. Bei za aina hiyo zikiwa nyingi, usizibadilishe kwa mkono:

```
=CNUM(SUBSTITUE(A2;".";","))
```

Kwa 12,500 hakuna fomula ya kukuokoa, maana imeegemea kulia kama namba safi. Hapo ni jicho la mfanyabiashara tu: nani ataagiza kahawa kilo 12 na nusu kutoka Nairobi?

Ukimjibu, andika 12 500 kg, ukiacha nafasi katikati. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulisema mwaka 2003 kwamba desimali inaweza kuwa nukta au koma, lakini makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tu. Kenya wataisoma sawa, na hapa pia. Bei mwandikie 4.20 kama barua ni ya Kiingereza. Tarakimu mbili baada ya nukta hazimchanganyi mtu. Ndani ya jedwali lako weka 12500 bila kitu katikati.

Tulipokea orodha ya mafunzo, ya kwanza imeandikwa 04/05/2025. Wakenya wa ofisini wanasema ni Mei, mkubwa wetu Mmarekani anasema Aprili. Tumsikilize nani? (Katibu, Himbi)

Sikilizeni orodha yenyewe. Kenya wanaanza na siku kama sisi, kwa hiyo kwenye tarehe hatugombani nao. Wamarekani ndio wanaoanza na mwezi, pamoja na kompyuta yoyote iliyoachwa kwenye Kiingereza cha Marekani. Shukeni chini mkitafuta namba inayozidi 12. Mkikuta 04/25/2025, orodha ni ya Kimarekani, kwa kuwa mwezi wa 25 haupo, na ile ya kwanza ni tarehe 5 Aprili. Kama mlifungua faili kwenye mashine ya Kifaransa, tarehe hizo zitakuwa zimeegemea kushoto, na nyingine zimegeuzwa siku na mwezi bila kuuliza. Msirekebishe zile za kushoto peke yake! Fungueni upya faili ya asili.

Kwenye majibu andikeni mwezi kwa herufi: 5 Aprili 2025. Kwenye majina ya faili, 2025-04-05, ule mpangilio wa ISO 8601: mwaka, mwezi, siku. Zitajipanga zenyewe.

Nikimjibu mtu wa Dar kwa Kiswahili na kunukuu barua ya Kifaransa, nitumie alama zipi za nukuu? (Mwanafunzi, Bukavu)

Fuata lugha ya barua unayoiandika, si ya maneno unayoyanukuu. Kiswahili cha Dar kinachapwa kwa “hizi”, kwa hiyo maneno ya Kifaransa nayo yavalishwe hizo. Ukiandika Kifaransa, ni « hizi », zenye nafasi ndani pande zote mbili, hata kama ndani yake kuna Kiswahili. Mimi hapa natumia za Kifaransa kwa mazoea ya Kivu, na sioni haya. Kwenye Windows ni Alt+0171 na Alt+0187. Kwenye fomula acha zile zilizonyooka, kama hapo juu, la sivyo Excel itakataa.

Mkutano wa saa mbili na nusu asubuhi niandike 2:30, 8:30 ao 8h30? (Goma)

8h30 kwa Kifaransa, 8:30 kwa Kiingereza. Saa yetu iandike kwa maneno tu, « saa mbili na nusu asubuhi ». Na taja ni saa ya Goma: Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja, Kinshasa wako nyuma kwa moja.