Mwenzangu anaondoka na nusu ya kampuni

"Tulianza wawili, nusu kwa nusu, bila maandishi. Mwenzangu kapata ajira, anaondoka. Hisa zake zinakuwaje?"

Habari ndugu. Kwanza angalia usajili wenu BRELA. Kama hisa ziko kwa jina lake bila masharti, ni zake hata akiondoka kesho. Itabidi mpatane bei uzinunue, na hapo yeye ndiye mwenye nguvu.

Ukipata mwenza mwingine, andikeni mapema, wakati hisa hazijawa na thamani na hakuna anayejua nani ataondoka. Sisi tuliandikiana hisa 480 kila mmoja, zikomae, yaani ziwe zake kabisa, 10 kwa mwezi kwa miaka 4; anayetoka kabla ya mwaka hapati kitu. Akitoka baada ya miezi 18 anabaki na 180, na zile 300 mwenzake anazinunua kwa bei ya mwanzo. Tulitaja pia nani anaamua mambo ya fedha. Wakili aupitie mkataba kabla ya kusaini.