Kata kwanza, transisheni baadaye: nilivyofunzwa na vidio ya samaki wa anti

Jana usiku dada mmoja wa Kakamega amenitumia vidio yake ya kwanza, ya kusuka nywele, ameikata na apu ya CapCut kwa simu, akaniuliza mbona watu wanaiwacha kabla haijaisha. Nimeiangalia mara tatu. Klipu tisa, na kati ya kila klipu kuna transisheni, yale madoido ya kupitisha picha kutoka klipu moja hadi nyingine, na zake zote ni ile ya kuzunguka. Nikanyamaza kidogo juu hapo nilijiona mimi mwenyewe.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya anti yangu, anakaanga samaki huku Dunga, Kisumu. Nilikuwa na klipu 11, jumla kama dakika saba. Nilizipakia zote venye zilikuwa, nikagusa kale kasanduku keupe katikati ya klipu mbili, nikachagua transisheni ya kushtua macho, alafu nikabonyeza Apply to all. Nikatuma kwa grupu ya familia nikiwa na raha sana, na binamu yangu mkubwa akaandika mbele ya wote, "Hii inaumiza kichwa, kwani samaki ako wapi?" Iliniuma na bado inaniuma nikikumbuka, lakini ukweli ni kwamba samaki hakuonekana.

Transisheni inakalia mwisho wa klipu moja na mwanzo wa ile inayofuata. Wakati huo picha mbili zinachanganyika na mtu haoni hata moja vizuri. Pale ngege anaingia kwa mafuta palikuwa na sekunde mbili tu mwishoni mwa klipu, sasa transisheni ikakula hapo hapo, na kile kitu kilinifanya nitoe simu mfukoni kikapotea.

Nilirudi nikaanza na kukata pekee. Hiyo klipu ya mafuta, sekunde nne za kwanza ni anti ananiangalia akiuliza, "Umeanza kurekodi?" Nikatanua taimlaini, ule ukanda wa klipu kule chini, kwa vidole viwili mpaka picha zikawa kubwa, nikaivuta polepole hadi ule mstari mweupe wa katikati ukasimama pale samaki anatoka tu mkononi mwake, nikagusa klipu, Split, nikagusa kipande cha kushoto, Delete. Saa hii klipu inaanza samaki akiwa hewani na mafuta yanalia mara moja. Usiivute na taimlaini ikiwa imebanwa, utaruka pale ulikuwa unataka bila kujua. Na kama mtu anaongea, usikate neno likiisha tu, acha kapumzi kadogo, la sivyo inasikika kama amefungwa mdomo.

Ukishakata zote ndio upange. Unashikilia klipu bila kuachilia, zinageuka viboksi vidogo, unasogeza. Mimi nilikuwa nimepanga venye nilirekodi: boti, kupara magamba, kukaanga, sahani. Nikatoa yale mafuta nikaweka mbele kabisa, alafu boti ikafuata. Lakini ukifanya hivyo ujue umemrudisha mtazamaji nyuma, alikuwa jikoni sasa ako ziwani, na hapo ndipo transisheni inapata kazi, inamwambia wakati umebadilika. Nikaweka moja hapo, ya kufifia taratibu, nikavuta kile kipimo chini hadi sekunde 0.5. Nyingine nikaweka kutoka kwa sufuria hadi mezani. Basi, mbili tu.

Pale jikoni sikuweka yoyote, na hapa ndio nataka dadangu wa Kakamega anisikize vizuri. Nilikuwa na klipu ya mbali anti akiinua kisu, na ya karibu kisu kikichanja samaki ubavuni. Nilikata ya kwanza mkono ukiwa unashuka, ya pili nikaianza mkono ukiendelea kushuka. Ukiangalia huoni pale zimeunganishwa, jicho linafuata mkono. Wewe pia uko na vidole vinasuka, ni mwendo mtupu huo, sasa unauzungushia nini? Kata vidole vikiwa katikati ya kazi, songa kwa klipu ya karibu, weka transisheni moja tu pale kichwa kinatoka nusu hadi kimeisha. Wacheni kuficha mikato mibaya na transisheni jameni, mkato mbaya unatengenezwa kwa kurudi kuukata.

Kitu kingine kidogo, angalia mwisho wa taimlaini, kuna kipande chenye jina la apu kimejiweka chenyewe, kiguse ukifute kabla ya Export. Na muziki weka mwisho kabisa, juu ukirudi kupunguza klipu au kuongeza transisheni, picha zinasogea na midundo haikutani nazo tena.

Vidio ya anti ilitoka sekunde 48. Nilimpelekea jioni akiwa anafunga kazi, akaiangalia ameshika simu na mikono ya mafuta, pale samaki anaingia akasema, "Rudisha hapo."